Uso Uliobandikwa Unapovimba au Kulala Bapa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Lenzi na Umbali wa Kamera

Kazi inayozungumzwa hapa ni ile inayofika kila wiki kwenye meza za wahariri wa picha. Familia ina picha nzuri ya pamoja ya harusi, lakini mmoja wao amefumba macho. Mwenyewe anatuma selfi na kuomba uso wake ubadilishwe. Mhariri anabandika, analinganisha rangi, anafifisha kingo, na bado kila anayeiona picha anasema "hapa kuna kitu". Mara nyingi kitu hicho ni umbali wa kamera. Hesabu zote zinatumia mfano huo mmoja ili uweze kuzifuata mpaka mwisho.

Macho yamekaa sawa, rangi sawa, mwanga sawa. Kwa nini uso bado unaonekana umevimba katikati?

Kwa sababu uso si karatasi. Una kina, na kamera hukikuza zaidi kile kilicho karibu nayo. Kwa mtu mzima, ncha ya pua iko kama sentimita 3 mbele ya mboni za macho, na tundu la sikio liko kama sentimita 9 nyuma yake. Kwa hiyo kutoka puani hadi sikioni kuna sentimita 12 hivi.

Kamera ikiwa umbali wa sentimita 35 kutoka machoni, pua iko sentimita 32 na masikio yako sentimita 44. Tofauti hiyo ni kubwa: pua inachorwa kwa kipimo kilichozidi cha masikio kwa zaidi ya theluthi. Kamera ikirudi hadi mita 3.5, pua iko sentimita 347 na masikio sentimita 359. Hapo tofauti ni chini ya asilimia 4, na jicho la kawaida haliioni.

Ukichukua uso wa kwanza ukaubandika kwenye kichwa cha pili, umeweka katikati ya uso iliyokuzwa ndani ya kichwa ambacho masikio, shingo na mabega yake hayakukuzwa. Pua inatangulia, mashavu yanakimbilia nyuma, na uso wote unaonekana kama kinyago kilichovalishwa.

Nimeambiwa lenzi pana ndiyo inayoharibu uso. Basi nitumie lenzi ya milimita 85?

Lenzi inasingiziwa. Umbo la uso linaamuliwa na mahali kamera iliposimama, wala si na urefu wa fokasi. Lenzi inaamua tu kiasi gani cha mandhari kitaingia kwenye fremu.

Hakikisha mwenyewe, ni jaribio la dakika mbili. Weka kamera kwenye tripodi mita 2 kutoka kwa mtu. Piga picha moja kwa milimita 24 na nyingine kwa milimita 85, mtu akiwa katikati ya fremu zote mbili. Kwenye ile ya 24, kata sehemu ya uso na uikuze hadi ilingane na ile ya 85. Itakuwa na chembechembe zaidi, lakini pua, mashavu na masikio vitakaa sawasawa kabisa vikiwekwa juu ya vile vya picha ya pili.

Lenzi inapata lawama kwa sababu ya tabia ya mpigaji. Mwenye lenzi ya 24 anataka uso ujaze fremu, basi anasogea. Uso unaojaza fremu kwa lenzi ya 85 kutoka mita 2.5 utahitaji lenzi ya 24 iletwe hadi sentimita 70 hivi. Kule kusogea ndiko kulikovimbisha pua.

Kuna mahali pamoja tu ambapo upana wa lenzi una kosa lake mwenyewe, nako ni pembeni mwa fremu. Hilo lina swali lake mbele.

Nitajuaje picha ilipigwa kutoka umbali gani?

Pima macho. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni milimita 63 kwa wastani. Ukijua lenzi, na ukajua umbali huo umechukua pikseli ngapi kwenye picha, unapata umbali wa kamera.

Kwanza soma taarifa za picha. Kwa anayetumia ExifTool, amri ni hii:

```
exiftool -FocalLength -FocalLengthIn35mmFormat -ImageSize picha.jpg
```

Unachotaka ni namba ya `FocalLengthIn35mmFormat`, ndiyo `f35` kwenye hesabu ya hapa chini. Kwa simu usitumie `FocalLength` pekee, maana itakupa namba kama milimita 5 au 6, ambayo bila kujua ukubwa wa kihisi haikusaidii. Kisha:

```
f_px   = (f35 / S) * upande_mrefu_px
umbali = f_px * 63 / macho_px
```

`S` ni 36 kwa picha ya uwiano wa 3:2, na 34.6 kwa picha ya 4:3 ambayo simu nyingi hupiga. Jibu linatoka kwa milimita.

Tuchukue mfano wetu. Selfi ina pikseli 4000 kwa 3000, lenzi ya simu ni sawa na milimita 26, na kati ya mboni kuna pikseli 540. `f_px` ni 26 ÷ 34.6 × 4000, yaani 3006. Umbali ni 3006 × 63 ÷ 540, sawa na milimita 351. Sentimita 35, mkono uliokunjwa kidogo.

Picha ya harusi ina pikseli 6000 kwa 4000, imepigwa kwa lenzi ya 50 kwenye kamera ya fremu kamili, na umbali kati ya mboni za yule aliyefumba macho unakadiriwa kuwa pikseli 150. Pima kutoka katikati ya kope moja hadi katikati ya nyingine, inatosha. `f_px` ni 8333, na umbali ni milimita 3500. Mita tatu na nusu.

Mambo matatu hupotosha kipimo hiki. Kichwa kilichogeuka kinapunguza pikseli kati ya macho, na nyuzi 20 za kugeuka zinaiba asilimia 6. Picha iliyokatwa inaharibu hesabu yote, kwa hiyo tumia ukubwa wa awali kabla haijakatwa. Na mtoto hana milimita 63, usimpime kwa kipimo cha mtu mzima.

Selfi imekuja kwa WhatsApp, taarifa zote zimefutika. Sasa?

Mwombe aitume tena kama faili badala ya picha. Ikitumwa hivyo, taarifa husalia na pikseli hazipunguzwi.

Ikishindikana, soma uso wenyewe. Tazama masikio kwanza. Kwenye selfi ya mkono, mtu aliyetazama kamera moja kwa moja masikio yake yamejificha nyuma ya mashavu, au unaona ukingo mwembamba tu. Kwenye picha ya mita 2 kwenda mbele, masikio yamesimama wazi pande zote mbili. Halafu tazama shingo. Kwenye picha ya karibu shingo inaonekana nyembamba mno kwa taya lake, na mabega yanaporomoka haraka. Kwa kukadiria, selfi ya mkono uliokunjwa ni sentimita 30 hadi 40, na ya mkono ulionyooshwa ni 50 hadi 60.

Mandhari ya nyuma iliyofifia isikudanganye. Simu hufifisha mandhari kwa programu, na ufifishaji huo hausogezi kamera hata sentimita moja.

Nimeshapata sentimita 35 na mita 3.5. Tofauti hiyo ni kiasi gani kwenye uso?

Chukua macho kama nanga, kwa sababu ndiyo unayolinganisha kwanza unapobandika. Kila sehemu nyingine inakuzwa kwa umbali wa macho ukigawanywa kwa umbali wa sehemu hiyo.

Kwenye selfi pua inakuzwa 35 ÷ 32, yaani 1.09. Kwenye picha ya harusi ni 350 ÷ 347, yaani 1.01. Kwa hiyo pua inayoletwa ni kubwa kwa asilimia 8 kuliko inavyotakiwa. Midomo iko kama sentimita 1.5 mbele ya macho, nayo imezidi kwa asilimia 4. Tukirudi nyuma, sehemu pana ya mashavu iko sentimita 4 hivi nyuma ya macho, na kwenye selfi imepungua kwa asilimia 9. Masikio yamepungua kwa asilimia 18.

Asilimia 8 ya pua peke yake si nyingi. Kinachoshtua ni kwamba pua imezidi na papo hapo mashavu yamepungua, na jicho la binadamu linasoma uso kwa uwiano. Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover wa Rutgers na wenzake walichapisha hesabu ya jambo hili hili: kutoka inchi 12, yaani sentimita 30, pua inaonekana pana kwa asilimia 30 hivi ikilinganishwa na upana wa uso. Kutoka futi 5, yaani mita 1.5, hakuna tofauti ya kuonekana. Walikuwa wakiwafikiria watu wanaoomba upasuaji wa pua kwa sababu ya selfi, lakini namba zao zinamfaa mhariri wa picha vilevile.

Na kinyume chake? Nina uso wa studio wa mita 3, ninauweka kwenye mwili uliopigwa karibu.

Hapo uso unalala bapa kama sinia. Mashavu ni mapana kupita fuvu lililo nyuma yake, pua haina nguvu, na masikio yanachomoza mahali ambapo picha inayopokea ilikuwa na nywele au ukuta. Mhariri asiyejua chanzo huanza kupunguza uso mzima ili utoshe. Basi macho yanakuwa madogo, na tatizo la pili linazaliwa.

Kosa hili ni gumu kulitambua kuliko la uvimbe, kwa sababu uso bapa ni mzuri. Ukiutazama peke yake hauna kasoro. Kasoro inajitokeza ukiutazama pamoja na shingo na mkono. Kama mkono ulioshika simu unaonekana mkubwa mbele ya kamera, uso ulio nyuma yake hauwezi kuwa wa mita 3.

Ninaweza kunyoosha kwa Liquify ya Photoshop?

Unaweza, mradi ufuate kina cha uso, si kile unachodhani kinapendeza. Hatua kwa mfano wetu ni hizi.

Kwanza geuza uso unaoletwa kuwa `Smart Object`, uupunguze hadi mboni zake ziwe pikseli 150, kisha uzipandishe juu ya mboni za picha ya harusi. Usiguse kingine. Watu wengi hulinganisha kidevu na mstari wa nywele badala ya macho, na hapo wanakuwa wamegawa kosa uso mzima bila kuliondoa.

Pili, fungua `Filter > Liquify` na uende `Face-Aware Liquify`. Punguza `Nose Width`, kisha upime kwa pikseli. Namba za vitelezi hivyo si asilimia za upana. Upana wa pua kwenye selfi, baada ya kuipunguza kwa macho, ukiwa pikseli 90, unautaka 83. Weka mistari ya mwongozo kabla ya kuanza, la sivyo utapunguza hadi uchoke.

Tatu, mdomo. Upungue kwa asilimia 4, na usogee juu kidogo kwa kiasi hicho hicho cha umbali wake kutoka machoni. Hatua hii husahaulika sana. Kitu kilichokuzwa kilikua kwa upana, na pia kilisukumwa mbali na katikati ya fremu. Mdomo ulio pikseli 155 chini ya macho unapanda pikseli 6.

Nne, panua mashavu kwa `Face Width`, au kwa `Warp` yenye gridi ukitaka udhibiti zaidi. Upanuzi uanze sifuri kwenye kona za nje za macho, uongezeke taratibu hadi asilimia 10 kwenye ukingo wa shavu. Ukipanua kwa mkupuo mmoja, kona za macho zitavutika pamoja na mashavu.

Kisha zima na uwashe tabaka mara kadhaa ukiwa umeikuza picha hadi asilimia 100. Pua ikiruka mbele na kurudi kila unapowasha, bado kazi.

Nimefanya hayo yote, lakini ukingo wa uso haukai. Kwa nini?

Kwa sababu kuna ngozi ambayo selfi haikuiona kabisa. Kamera iliyo karibu haizunguki kichwa. Mstari wake wa kuona unagusa shavu mapema na kilicho nyuma yake kinafichika. Ukikichukulia kichwa kama mpira wa nusu kipenyo cha sentimita 9, kamera ya sentimita 35 inakosa zaidi ya sentimita moja ya ngozi kila upande ikilinganishwa na ya mita 3.5. Kupinda picha hakuwezi kuleta kilichofichwa. Kutavuta ngozi iliyopo tu, na vinyweleo vya shavu vitageuka mistari.

Tiba ni kutokileta ukingo. Chora maski inayopita ndani ya mashavu, juu kwenye nyusi na chini juu kidogo ya kidevu, ukiacha masikio, taya na nywele za picha ya harusi. Mtu ni yule yule, kwa hiyo vitu hivyo ni vyake halali. Kwa mtu aliyefumba macho tu, punguza zaidi: leta macho, kope na nyusi peke yake. Macho yote mawili yako karibu kwenye kina kimoja, kwa hiyo kosa la umbali linakaribia kutoweka, na nusu ya kazi ya Liquify haihitajiki tena. Hilo ndilo la kujaribu kwanza kabla ya mengine yote, ingawa wengi hulifikia mwisho.

Mtu wa mwisho kwenye mstari, pembeni mwa picha, uso wake umevutwa kwa upana. Ni jambo lile lile?

Hapana. Hapa ndipo lenzi pana inapojibu mashtaka yake. Lenzi inayohifadhi mistari iliyonyooka inalazimika kuvivuta vitu vilivyo mbali na katikati, kuelekea nje. Mpira wa miguu uliowekwa pembeni unatoka kama yai, na kichwa hakina tofauti kubwa na mpira.

Kiasi cha kuvutwa ni 1 ukigawanya kwa kosaini ya pembe kutoka katikati. Kwa lenzi ya 24 kwenye fremu kamili, mtu aliyesimama asilimia 80 ya njia kutoka katikati hadi ukingo yuko kwenye nyuzi 31, na uso wake umevutwa kwa asilimia 17. Kwa lenzi ya 50, mahali pale pale, ni asilimia 4 tu.

Ukibandika uso uliopigwa katikati ya fremu kwenye kichwa hicho, utaonekana mwembamba ndani ya kichwa kipana. Uvute kwa asilimia 17 kwa mlalo, na ikiwa mtu yuko kwenye kona, vuta kwenye mstari unaotoka katikati ya picha kumwelekea yeye. Njia nyingine ni kuurekebisha uso wa picha inayopokea kwanza, ufanye kazi, na kuacha umenyooka. Mwenye picha atakushukuru, hasa akiwa ni shangazi wa bibi harusi.

Jihadhari na kitu kimoja: simu nyingi za sasa hunyoosha nyuso za pembeni zenyewe kabla ya kuhifadhi picha. Pima kwanza kabla hujavuta. Kama vichwa vya pembeni vina uwiano sawa na vya katikati, simu imeshafanya kazi hiyo.

Mtu yupo, yuko tayari kupigwa upya. Nimweke wapi?

Mita 3.5, kwa sababu ndiko kamera ya harusi ilikokuwa. Tumia utepe wa kupimia, usikadirie kwa hatua.

Hapa ndipo urefu wa fokasi unapokuja na kazi yake halisi: umbali unakupa umbo, lenzi inakupa pikseli. Kwa simu ya milimita 26 kutoka mita 3.5, kati ya mboni utapata pikseli 54 tu, na wewe unahitaji 150. Umbo litakuwa sahihi lakini uso utakuwa na ukungu. Simu yenye lenzi ya pili ya milimita 77 itakupa pikseli 160 kutoka pale pale. Kama huna lenzi hiyo, mkaribie hadi mita 1.5. Utapata pikseli 126, pua itazidi kwa asilimia 1 tu, na masikio yatapungua kwa asilimia 3. Hapo maski inayoacha masikio nje inamaliza kazi.

Urefu wa kamera kutoka chini nao upimwe kwa pembe, usipimwe kwa sentimita. Kamera ya harusi ikiwa sentimita 20 juu ya macho kutoka mita 3.5, inatazama chini kwa nyuzi 3. Sentimita 20 hizo hizo kwenye selfi ya sentimita 35 ni nyuzi 30: paji la uso linakuwa kubwa na kidevu kinasinyaa. Kwa mita 1.5, inua kamera sentimita 8 au 9 juu ya macho, si 20.

Lazima niwe sahihi hadi sentimita?

Inategemea uko karibu kiasi gani. Kutoka mita 2.5 au 3.5, pua inabadilika kwa chini ya nusu pikseli kwenye picha yetu, na hakuna atakayeona. Kutoka sentimita 35 au 45, upana wa sikio hadi sikio unabadilika kwa pikseli 13 hivi. Sentimita 10 za karibu zina uzito kuliko mita nzima ya mbali.

Ninatumia programu inayobadilisha uso yenyewe. Haioni tatizo hili?

Nyingi hazilioni. Hatua ya kwanza ya programu hizi ni kutafuta alama kwenye uso, mara nyingi 5 (macho mawili, pua, kona za mdomo) au 68, kisha kuuzungusha, kuupunguza na kuusogeza uso hadi alama zikaribiane. Mabadiliko hayo ni ya karatasi bapa. Hakuna mzunguko wala upunguzaji unaoweza kubadili uwiano wa pua na mashavu. Alama za pua zikiwa zimekuzwa, programu inagawa kosa: macho yanakaa ndani kidogo ya mahali pake na pua inabaki nje kidogo.

Zile zinazofunzwa kwa mamia ya picha za mtu mmoja, kama DeepFaceLab, zinajifunza umbo zinaloonyeshwa. Mkusanyiko ukiwa wa selfi tupu, programu inaamini pua ya selfi ndiyo pua ya mtu huyo, na itaiweka hata kwenye fremu iliyopigwa kutoka mita 5. Kuongeza mizunguko ya mafunzo hakutarekebisha. Panga picha za mafunzo kwa umbali uliokadiriwa kwa njia ya macho, uondoe zilizo chini ya sentimita 60 kama video inayopokea ni ya mbali. Picha 300 za umbali sahihi zina faida kuliko 3000 za mchanganyiko usiojulikana.

Kwenye video, mtu anatembea kuja kwenye kamera. Uso unakaa vizuri mwanzoni kisha unaanza kuelea.

Umbali unabadilika fremu kwa fremu, na umbo la uso linapaswa kubadilika nao. Akiwa mita 3, pua ni 1.01 na masikio ni 0.97 ya kipimo cha macho. Akifika sentimita 60, pua ni 1.05 na masikio ni 0.87. Uso mmoja usiobadilika hauwezi kukaa sawa mwanzo na mwisho. Mahali fulani katikati utaonekana kama stika inayoteleza juu ya ngozi.

Kwa kipande kifupi, tumia picha mbili za chanzo, moja ya mita 2.5 na nyingine ya sentimita 70, uhamishe taratibu kutoka moja hadi nyingine. Anza kuhamisha akiwa mita 1.5, kwa sababu kabla ya hapo karibu hakuna kinachobadilika. Kwa kipande kirefu, tengeneza kichwa cha pande tatu. FaceBuilder ndani ya Blender inajenga kichwa kutoka picha kadhaa, kisha kichwa hicho kinapigwa upya na kamera ya kompyuta iliyowekwa kwenye umbali halisi wa kila fremu. Kamera hiyo ipewe lenzi na ukubwa wa kihisi vinavyolingana: `Focal Length` sahihi ikiwa na `Sensor Width` isiyo yake inarudisha kosa lote kwa mlango wa nyuma.

Ukitumia video ya simu, usiamini milimita zilizoandikwa. Simu hukata kingo za fremu ili kutuliza mtikisiko, na mkato huo unaifanya lenzi iwe ndefu kuliko ilivyoandikwa. Simu ikiwa bado ipo, weka rula ya mita 1 ikiwa imelala mlalo mbele yake, mita 2 kamili kutoka kwenye lenzi. Rekodi kwa mpangilio ule ule uliotumika, kisha hesabu pikseli ambazo rula imechukua na uzidishe kwa 2. Hiyo ndiyo `f_px` yako. Mkato wa kutuliza mtikisiko unaweza kubadilika ukibadili ubora wa video, kwa hiyo rudia kipimo ukitoka 1080 kwenda 4K.